Aya ya Bwana Miti na Visanduku Vyake

Londiani ni mji wa miti kuliko wa chai. Ukitoka Kericho ukapanda kuelekea Mau Summit, mashamba ya chai yanabaki nyuma, na mbele yako unakuta saiprasi, msindano na baridi. Chuo cha misitu kiko hapa. Ndiyo maana ushauri kuhusu upandaji wa miche ni maneno ya kila siku: husemwa kwenye mikutano ya vikundi, kwenye vitalu vya kando ya barabara, na ulisemwa sana tarehe 13 Novemba 2023, siku serikali ilipotangaza mapumziko ili Wakenya wapande miti. Karibu kila mara husemwa kwa mkupuo mmoja. Nimeuandika hapa kama aya, kwa namna ambayo husemwa, ili tuusome kwa karibu na tuone unageuka nini tukiutia kwenye orodha ya visanduku vya tiki.

«Miche ya saiprasi ipandwe mvua ikishakolea, si ile mvua ya kwanza ya kudanganya. Mche uingie shimoni ukiwa umetolewa karatasi, na udongo wake usivunjike, kwa sababu mizizi ikipigwa na jua haichelewi kufa. Shimo liwe futi moja kwenda chini na futi moja upana, udongo wa juu utengwe na wa chini. Usizike shina. Miche inyweshwe maji vizuri kabla ya kubebwa, isilaliane kwenye gari. Magugu yaondolewe kuzunguka shimo. Ukishapanda kanyagia udongo, karatasi zikusanywe, na ng'ombe wasiingie. Mche ukifa urudishiwe mwingine. Na kabla ya hayo yote, miche iwe imezoezwa jua, imepunguziwa maji na kukatwa mizizi huko kitaluni. Ukinunua miche laini iliyotoka kivulini hutapata kitu.»

Hii ni aya nzuri, na uzuri wake uko masikioni. Haipangi mambo kwa jinsi yanavyofuatana bali kwa jinsi bwana miti anayeisema anavyoyahofia. Inaanza na mvua kwa sababu mvua ya uongo ndiyo iliyowahi kummalizia miche, na inaishia kitaluni kwa sababu anapokaribia kunyamaza anakumbuka kwamba mche dhaifu hauokolewi na shimo lolote. Ule mwisho, «na kabla ya hayo yote», ndio mahali aya inapokuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa msikilizaji anaondoka na neno la mwisho. Ila kwa mtu aliyesimama shambani na jembe mkononi, sentensi hiyo imechelewa. Miche imeshanunuliwa na imeshashushwa kwenye gari.

Njia ya kwanza inayomjia mtu anayetaka kuigeuza aya hii ni kukata kila shauri na kuliwekea kisanduku mbele, kwa mpangilio uleule. Hapo hajageuza chochote, ameivunja tu mistari. Njia ya pili inavutia zaidi, nayo ni mbaya zaidi: kupanga kwa mada. Maji pamoja, mizizi pamoja, udongo pamoja. Tazama kundi la maji linavyotokea. Kisanduku kimoja kinadai miche imepunguziwa maji, cha pili kinadai miche imenyweshwa vizuri. Msomaji ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Yote mawili ni kweli, ila yametengwa na wiki kadhaa. Kitaluni mche hupunguziwa maji na kivuli ili ukomae na kuzoea ukali wa shamba. Siku ya kubebwa hunyweshwa ili bonge la udongo lishikane na mizizi lisibomoke njiani. Mada inayaweka jirani mambo ambayo wakati umeyatenganisha, na hivyo inazua mgongano ambao haumo katika kazi yenyewe. Kupanga kwa hatua kunaumaliza mgongano huo bila kuongeza neno.

Sasa hatua ni nini? Watu wengi hudhani ni kipande cha kazi chenye jina. Mimi naona ni mahali pa kusimama. Mfano ninaouthamini sana uko Ifakara, Tanzania, mmojawapo wa miji minane ambako Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, iliyotolewa 2008. Orodha ile ina vipengele 19 katika makundi matatu, na makundi hayo hayakufuata mada za damu, dawa au vifaa. Yamefuata vituo: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kila kituo kimewekwa mahali ambapo ukipita hurudi. Katika hospitali nane za miji hiyo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sidai kwamba visanduku peke yao vilifanya hayo. Nasema tu kwamba waliovipanga walijua mikono ya watu inasimama wapi.

Aya yetu ina vituo vinne vya namna hiyo. Kabla ya kulipia miche. Kabla ya gari kuondoka kitaluni. Kabla ya udongo kurudishwa shimoni. Kabla ya watu kwenda nyumbani. Kila kimoja kina mtu wake: mnunuzi, mpakiaji, mpandaji, mwenye shamba. Hapo kazi ya kugawa inakuwa nyepesi, na mashauri yanayokataa kuingia popote yanajitokeza yenyewe.

La kwanza kukataa ni mvua. «Mvua ikishakolea» ni hukumu, na hukumu haitiwi tiki na watu wawili kwa namna moja. Lakini chini ya maneno hayo kuna jambo linaloonekana: udongo umelowa hadi kina cha shimo, au umelowa juu tu na chini bado ni vumbi? Jembe linajibu. Kwa hiyo kisanduku hakiulizi habari za mvua, kinauliza habari za udongo, na kinawekwa mapema, kabla ya kulipia, kwa sababu miche ikishafika na udongo ni mkavu mtu atapanda tu.

La pili ni umbo la kitenzi. Aya nzima inasimama juu ya ipandwe, uingie, liwe, usizike: ni amri na matakwa. Tiki haiwezi kukaa mbele ya matakwa, kwa maana haijulikani kama msomaji anakubali shauri au anaapa kwamba limetendeka. Kisanduku kinataka -me-: miche imenyweshwa, magugu yameondolewa. Na katazo halina pa kuwekewa alama kabisa. Mtu anatiaje tiki kwenye «usizike shina»? Inabidi kuuliza jicho linaona nini pale shina lisipozikwa, na jibu ni kwamba udongo wa bonge la mche na udongo wa shamba viko usawa mmoja. «Udongo usivunjike» nao unakuwa «bonge limetoka zima».

La tatu ndilo lililonishughulisha zaidi, nalo ni kipimo cha tiki. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, ekari moja huchukua miche 640 hivi. Kisanduku «karatasi imetolewa» kinatiwa alama mara moja, ilhali tendo linafanyika mara 640, na linafanywa na mikono mingi yenye baridi inayotaka kumaliza. Hili ndilo kosa linaloua miti polepole, maana mche uliopandwa na karatasi yake unakaa kijani kwa miezi, mizizi ikizunguka ndani ya mfuko, na ukiushika unang'oka na bonge lake kama ulivyoingia. Aya inalitaja sharti hili kwa sauti ileile ya mengine. Lakini aya hiyohiyo, sentensi kadhaa mbele, ina shauri linaloonekana kuwa la usafi tu: karatasi zikusanywe. Ziunganishe hizo mbili. Karatasi zikihesabiwa jioni na zikalingana na miche iliyopandwa, kisanduku kimoja kimekagua mashimo yote 640. Zikipungua 30, kuna mashimo 30 ya kufukua kabla ya giza. Aya haikuweza kuonyesha uhusiano huo. Ulijitokeza pale mashauri mawili yalipotenganishwa kwa kituo, moja shimoni, lingine jioni.

Hii ndiyo orodha iliyopatikana:

Kabla ya kulipia miche (mnunuzi)
☐ Shimo la majaribio limechimbwa futi moja. Udongo umelowa hadi chini
☐ Mashimo yote yamechimbwa, udongo wa juu umetengwa, magugu yameondolewa
☐ Miche imekaa juani na imepunguziwa maji, shina limekomaa
☐ Mche ukiinuliwa haung'ang'anii ardhi (mizizi imekatwa)

Kabla ya gari kuondoka (mpakiaji)
☐ Miche imenyweshwa. Bonge likibonyezwa halibomoki
☐ Miche imesimama wima, haikulaliana
☐ Miche imehesabiwa: ______

Kabla ya kurudisha udongo (mpandaji)
Mizizi ikipigwa na jua hufa upesi: toa karatasi ukiwa shimoni, si kando ya gari.
☐ Bonge limetoka zima
☐ Udongo wa juu umerudi kwanza
☐ Bonge na ardhi viko usawa mmoja, udongo umekanyagiwa

Kabla ya kwenda nyumbani (mwenye shamba)
☐ Miche iliyobaki: ______
☐ Karatasi zilizokusanywa: ______ (zilingane na miche iliyopandwa)
☐ Ua umefungwa
☐ Tarehe ya kuhesabu miche iliyokufa: ______

Mambo mawili yanastahili kutazamwa hapo. Kuna mstari mmoja usio na kisanduku, ule wa mizizi na jua. Katika kugeuza aya, kitu cha kwanza kuanguka huwa ni «kwa sababu», na mara nyingi hakidhuru: anayehesabu karatasi hahitaji hoja. Lakini shimoni mtu hufikia uamuzi ambao orodha haikuuona. Bonge limeshapasuka mkononi, afanyeje? Akijua kwamba adui ni jua, ataharakisha kuufunika mche, au atautupa achukue mwingine. Akiwa na kisanduku tupu, atatia tiki kwa uongo au atasimama akisubiri kuambiwa. Sababu moja iliyobaki mahali pake ina kazi kuliko sababu kumi zilizorundikwa juu ya ukurasa.

La pili ni kisanduku cha mwisho. «Mche ukifa urudishiwe mwingine» ni shauri la siku isiyojulikana, na jambo lisilo na siku halitiwi tiki kamwe. Aya inaweza kulibeba kwa sababu aya haina wakati. Orodha hailiwezi, kwa hiyo inalifanya kuwa tarehe inayoandikwa jioni ileile, wakati hesabu ya miche bado iko mkononi. Ng'ombe nao wamebadilika. Hakuna siku ambayo mtu atasema kwamba ng'ombe wamemaliza kutoingia, ila ua unaweza kuwa umefungwa au haujafungwa. Katika mashamba ya msituni, ambako wakulima hupanda viazi katikati ya miche hadi matawi yafunge kivuli, ua hautoshi. Huko palizi inarudi kila msimu, na pangehitajika ukurasa wa pili wenye vituo vyake, unaoanza na kisanduku cha jembe lililopita karibu mno na shina.