Mihimili Miwili ya Grafu Moja

Katika grafu zote wanazokutana nazo wanafunzi wa kidato cha kwanza, naipenda zaidi ile ya mvua na joto, kwa kuwa haimsamehe msomaji mwenye haraka. Tuseme mtihani umeleta ya Dar es Salaam. Chini kuna mhimili mlalo wa miezi. Kushoto umesimama mhimili wa 0 hadi 300, kulia mwingine wa 20 hadi 35. Nguzo 12 zimejipanga, na mstari mmoja unapita kati yake.

Mvua ya Aprili ilikuwa kiasi gani? Kichwa cha nguzo kiko visanduku vinne juu ya 200, na wengi huandika 204. Lakini kutoka 200 hadi 250 kuna visanduku vitano tu, basi kila kimoja ni 10, na jibu ni milimita 240. Skeli huhesabiwa kabla ya nguzo kusomwa. Neno "milimita" limeandikwa kando ya mhimili; usiliache huko. Na anayejibu 243.7 anadai kuona kisichoonekana, maana grafu hii haisomeki kwa usahihi kupita nusu kisanduku.

Joto la Julai je? Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mstari uko visanduku vinane kutoka chini, na jicho lililozoea kushoto litasoma 80. Ufunguo ndio unaolizuia: nguzo zenye milia ni mvua, mstari wenye nukta ni joto. (Kwenye karatasi za mtihani zilizotolewa nakala rangi hazionekani, ndiyo maana ya milia na nukta hizo.) Joto husomwa kulia, ambako kila kisanduku ni nusu nyuzi, kuanzia 20. Weka rula ilale sawa hadi kulia: nyuzi 24 za sentigredi. Aliyeandika milimita 80 angejishuku mapema kama angekumbuka kwamba Julai Dar ni kipupwe, na mvua huwa haba.

Januari mstari uko visanduku 16. Je, joto lilikuwa mara mbili ya lile la Julai? Kwa macho, ndiyo. Kwa hesabu, ni nyuzi 28 dhidi ya 24. Mhimili wa kulia haukuanzia sifuri, kwa hiyo urefu wa kutoka chini haulinganishwi kwa mara ngapi. Tofauti ndiyo inayosomwa. Nguzo za mvua zinaruhusu ulinganisho huo, kwani zimesimama juu ya 0.

Kuna swali ambalo watahini hawaliulizi mara nyingi, nami natamani wangeliuliza: mstari unapoikata nguzo, kuna maana gani? Hakuna. Mchoraji akiuanzisha mhimili wa kulia kwenye 10, mstari wote utahama na makutano yatahamia kwingine, ilhali Dar haijapata tone la ziada wala joto halijabadilika.