Akaunti 37 za Mauzo, Moja ya Manunuzi

Orodha ya akaunti tuliyoichapa wiki iliyopita, ile ya duka la jumla la Mwanza linalouza vyakula na sabuni, imesifiwa na wasomaji wengi. Wanasema imepangika. Mimi naona imeharibika mahali pamoja tu, ila ndipo hasa duka la jumla linapopatia riziki yake: faida ghafi.

Haki yake nimpe mhasibu kwanza. VAT imekaa kwenye akaunti ya deni, haijachanganywa na mauzo. Wadaiwa wana akaunti moja ya udhibiti na majina yao yako leja ndogo. Na pesa anazochukua mwenye duka zimewekwa upande wa mtaji. Kazi safi. Tuendelee.

Alipofika kwenye mauzo, mhasibu alifungua akaunti kwa kila bidhaa: 4001 Sukari kilo 50, 4002 Sukari kilo 25, 4003 Mchele, akashuka hivyo hivyo hadi 4037 Sabuni ya unga. Kisha akahamia upande wa gharama na kuandika mstari mmoja: 5001 Manunuzi. Akaunti 37 zinapokea mauzo na moja inameza gharama zote. Ripoti itamwambia mwenye duka, kwa shilingi kamili, kwamba sukari imeuza kuliko sabuni. Kama sukari imemlipa au imemchosha bure, haitamwambia kamwe.

Kuna watakaomtetea kwamba alitaka undani. Undani huo kazi yake ni ya daftari la stoo, au ya orodha ya bidhaa ndani ya programu, ambako kila gunia lina idadi, bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Leja kuu si stoo. Ukiijaza bidhaa, karani anayeingiza ankara jioni akiwa amechoka atachagua sukari ya kwanza anayoiona, iwe ya kilo 50 au 25, na hakuna atakayegundua kwa sababu jumla ya mauzo itabaki sahihi. Dalili yake ni hii: daftari la stoo linasema mifuko 60 ya kilo 25 imetoka, lakini 4002 ina mauzo ya mifuko 10.

Halafu namba zenyewe zimefuatana bila nafasi. Kiwanda cha sukari kikibadili ujazo wa mfuko, inazaliwa 4038, nayo inakaa chini ya sabuni ya unga ingawa ni sukari. Mwaka wa pili duka likianza kuuza vinywaji, ripoti itakuwa ya kurasa kadhaa, bidhaa zimechanganyika, na kulinganisha mwaka huu na uliopita kutahitaji kalamu na subira.

Wakongwe hawakufanya hivi. Wafanyabiashara wa Venisi, ambao utaratibu wao Luca Pacioli aliuchapisha mwaka 1494, nao walifungua akaunti kwa kila aina ya shehena. Lakini akaunti hiyo ilikuwa na pande zote mbili: debiti ilibeba bei ya kununulia pamoja na gharama za kuufikisha mzigo, krediti ikabeba mauzo, na ilipofungwa, tofauti ikaenda kwenye faida na hasara. Mjerumani Eugen Schmalenbach, katika mpango wake wa akaunti wa mwaka 1927, alizigawa akaunti kwa madaraja, tarakimu ya kwanza ikikutajia kazi ya akaunti kabla hujasoma jina lake. Hata wenzetu wa Kongo, walioingia OHADA mwaka 2012, wana 601 ya manunuzi ya bidhaa na 701 ya mauzo ya bidhaa, zikitazamana. Sisi tunapewa 37 kwa moja.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu wa zamani, usafiri. Kwenye orodha hii kuna 6003 Usafiri, na ndani yake mmetiwa lori la kutoka Dar es Salaam, makuli wa kushusha mzigo, na bajaji ya kumpelekea mteja katoni tatu. Nimeshaandika mara nyingi, na sitachoka: nauli ya kuleta mzigo ni sehemu ya gharama ya mzigo. IAS 2 inasema hivyo waziwazi. Nauli ya kumpelekea mteja ni gharama ya kuuza, hiyo ikae kwenye kundi la 6000.

Tuone kwa hesabu. Chukulia lori limeleta tani 30 kwa nauli ya shilingi milioni 4: vyakula tani 24, sabuni tani 6. Mzigo wote umeuzwa mwezi huo huo. Vyakula vilinunuliwa kwa milioni 75 vikauzwa kwa milioni 80. Sabuni ilinunuliwa kwa milioni 33 ikauzwa kwa milioni 40. Kwa orodha ya mhasibu wetu, mauzo ni milioni 120, manunuzi milioni 108, faida ghafi milioni 12, yaani asilimia 10. Mwenye duka anaona vyakula ndivyo vimeleta mauzo mengi, anakwenda kuagiza sukari zaidi.

Gawa nauli kwa uzito. Vyakula vinabeba milioni 3.2, sabuni laki 8. Faida ghafi ya vyakula inabaki milioni 1.8, asilimia 2.25 ya mauzo yake. Ya sabuni ni milioni 6.2, asilimia 15.5. Mauzo ya vyakula ni mara mbili ya sabuni, lakini zaidi ya robo tatu ya faida ghafi imetoka kwenye sabuni. Huenda vyakula bado vinafaa kubaki kwa sababu ndivyo vinavyomwingiza mteja dukani. Huo ni uamuzi wa mwenye duka, ila aufanye akiwa na namba hizi mkononi.

Orodha iliyotakiwa ni fupi kuliko ile iliyosifiwa:

```
1300  Mali ghalani
4100  Mauzo: vyakula
4200  Mauzo: sabuni
5100  Gharama ya vyakula vilivyouzwa
5150  Nauli ya kuleta vyakula
5200  Gharama ya sabuni iliyouzwa
5250  Nauli ya kuleta sabuni
6300  Usafirishaji kwa wateja
```

Kila 4 ina 5 yake. Vinywaji vikija, 4300, 5300 na 5350 zinasubiri. Mzigo usiouzwa mwisho wa mwezi unabaki 1300 pamoja na sehemu yake ya nauli. Ukiisahau nauli hiyo, mwezi wa kupokea mzigo utaonekana mbaya na unaofuata utaonekana mzuri bila sababu. Ukiona asilimia ya faida ghafi inapanda na kushuka ilhali bei hazijabadilika, anza kutafuta hapo.

Kundi jipya lifunguliwe pale tu faida yake inapokwenda tofauti na makundi mengine, au kodi inapolitendea tofauti. Tawi jipya lisifunguliwe akaunti zake za mauzo. Liwekwe alama ya tawi kwenye kila muamala, la sivyo matawi matatu yatazidisha orodha nzima mara tatu.

Kurekebisha bado kunawezekana. Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa hesabu, 4001 hadi 4037 zizuiwe zisipokee miamala mipya, lakini zisifutwe, kwani historia iko humo. Jumla zake za mwaka uliopita zipangwe kwenye 4100 na 4200 kwa ajili ya kulinganisha. Upande wa gharama kazi ni ngumu zaidi: 5001 haina mgawanyo wowote, hivyo mtu itabidi akae na ankara za wauzaji za mwaka mzima, moja baada ya nyingine. Ningeshauri kazi hiyo apewe yule yule aliyefungua akaunti 37.