Maiki ya simu huanzia kwenye tundu

Simu ambayo kila unayempigia analalamika kuwa hakusikii vizuri mara nyingi hufika kwa fundi ikiwa imekwisha kuhukumiwa: maiki imekufa, ibadilishwe. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Maiki ya simu za leo ni kile kidude kilichochomelewa kwenye bodi pamoja na njia nzima ya hewa inayokifikia: tundu kwenye kasha la nje, wavu, mpira wa kuziba, na chumba kidogo kilicho mbele yake. Njia ikiharibika, kidude kizima kabisa kitatoa sauti mbovu. Asiyeikagua njia hiyo huishia kubadilisha kilicho kizima, au kukiua wakati anakisafisha.

Ndani ya kidude hicho, kinachoitwa maiki ya MEMS, kuna kiwambo cha silikoni chenye upana wa karibu milimita 1 na unene wa takriban mikroni 1. Mbele ya kiwambo, kwa umbali wa mikroni chache tu, limesimama bamba gumu lenye matundu mengi. Viwili hivyo kwa pamoja ni kapasita. Chipu iliyo pembeni huipa kapasita hiyo volti zipatazo 10, kisha huizuia chaji isitoke. Sauti inapoingia, shinikizo la hewa hukisukuma kiwambo kwa nanomita chache, umbali kati yake na bamba hubadilika, na kwa kuwa chaji imebaki ileile, volti ndizo zinazopanda na kushuka. Chipu huzikuza volti hizo na kuzipeleka kwenye bodi. Jambo la kushika hapa ni kwamba kiwambo hakijui lolote kuhusu mdomo wa msemaji. Kinajibu tofauti ya shinikizo kati ya pande zake mbili tu, na shinikizo la upande wa mbele huamuliwa na njia ya hewa.

Wengi husema kwamba tundu likiziba maiki huwa kimya kabisa, kwa hiyo simu inayosikika kwa mbali haiwezi kuwa na tatizo la tundu. Hesabu inakataa. Chukua tundu la kipenyo cha milimita 1 na urefu wa milimita 2, linaloingia kwenye chumba chenye hewa ya milimita 3 za ujazo. Hewa iliyo ndani ya tundu ina uzito, na ile ya chumbani hufanya kazi ya springi. Mfumo huo huvuma kwenye masafa ya karibu hezi 17,000, juu kabisa ya sauti za mazungumzo, kwa hiyo hauyadhuru maneno. Sasa uchafu ulibane tundu hadi kipenyo kibaki robo. Masafa hayo hushuka hadi karibu hezi 4,700, na sauti zilizo juu yake huanza kukatwa. Tena, katika tundu jembamba hewa husuguana na kuta, na masafa ya juu hupotea zaidi. Sauti za s, sh na f zina nguvu yao kubwa huko juu, ilhali vokali ziko chini. Ndiyo maana msemaji anasikika, ila maneno hayaeleweki, kana kwamba anaongea akiwa amejifunika blanketi. Simu ya kawaida ya mtandao wa zamani, inayokata kila kitu kilicho juu ya hezi 3,400, huweza kuficha kasoro hii, kisha ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukaifichua.

Utepe, au kona ya protekta iliyolalia tundu, hufanya kazi tofauti kidogo. Pingamizi lake linajulikana: plastiki nyembamba hivyo itazuiaje sauti, wakati tunasikiana kupitia pazia la nailoni? Pazia ni pana, kwa hiyo hutikisika kirahisi. Utepe wa mikroni 50 uliobanwa juu ya tundu la milimita 1 hauna nafasi ya kupinda. Ugumu wa kupinda hukua kwa mchemraba wa unene, na hata tukikumbuka kwamba plastiki ni laini kuliko silikoni kwa karibu mara 40, utepe huo bado ni mgumu kuliko kiwambo kwa maelfu ya mara. Shinikizo huishia hapo juu, na sauti yote hufifia. Kuna madhara mengine pia. Simu nyingi zina maiki ya pili, juu au nyuma, inayosaidia kutambua kelele za mazingira ili zipunguzwe. Kava likiziba tundu la maiki hiyo, maiki ya chini itakuwa safi lakini simu itakosea kutenganisha sauti na kelele.

Wapo wanaosema watengenezaji wameweka wavu, basi uchafu hauwezi kuleta shida. Wavu hukilinda kiwambo, ni kweli, lakini wavu wenyewe ndio unaoziba. Jasho, mafuta ya ngozi, poda na nyuzi za mfukoni huganda katika vitundu vyake. Katika simu zinazostahimili maji huwa kuna utando unaopitisha sauti kwa kutikisika wenyewe, na tone la maji likibaki juu yake huuongezea uzito hadi likauke.

Basi kasoro zitofautishwe kabla ya bisibisi. Vua kava, kisha rekodi sauti kwa programu ya kurekodi, halafu rekodi video kwa kamera ya nyuma, kwa kuwa simu nyingi hutumia maiki tofauti kwa kazi hizo. Sauti yenye mvumo hafifu wa chinichini lakini isiyo na s wala sh inaonyesha kwamba umeme uko hai na njia ndiyo iliyobanwa. Ukimya mtupu unaelekeza kwenye chipu, nyaya au programu. Mwenzako akisikia mwangwi wake mwenyewe, hasa baada ya simu kufunguliwa, shuku mpira wa kuziba: usipokaa sawa, sauti ya spika hupita ndani ya kasha na kuingia kwenye maiki.

Usafishaji nao hufuata maumbile ya kifaa. Elekeza tundu chini, tumia brashi kavu na laini, uchafu udondoke. Hewa ya kompresa haifai kabisa: sauti kubwa ya desibeli 94 ni shinikizo la paskali 1, na kompresa ya baa 5 ina paskali 500,000. Sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo hupasua kiwambo au kukigandisha kwenye bamba, na ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji hukataza kupuliza na kuvuta hewa tunduni. Pini ya laini nayo hutoboa wavu. Atakayejitetea kwamba alichoma pini na sauti ikarudi anasema kweli kuhusu siku hiyo tu. Ametoboa kizuizi pamoja na ulinzi, na chembe inayofuata itafika kwenye pengo la mikroni chache, mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: kava na protekta, wavu, mpira wa kuziba, na kidude chenyewe mwisho kabisa.