Mkono Unaopotea Kifuani

Katika filamu ya Mwanamfalme Ahmed, ambayo Lotte Reiniger aliitengeneza Ujerumani kati ya 1923 na 1926, hakuna uso unaotabasamu wala jicho linalodondosha chozi. Wahusika ni vipande vya kadibodi nyeusi na bamba jembamba la risasi, vimeunganishwa kwa waya kwenye viungo na kulazwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Kamera inatazama kutoka juu. Kiungo kinasogezwa kidogo, picha inapigwa, kinasogezwa tena. Na bado tunawaamini.

Tazama pale Ahmed anapojificha kando ya ziwa akimchungulia Peri Banu, aliyevua vazi lake la manyoya ya ndege ili aoge. Majani ya mbele ni meusi tititi, ng'ambo ya maji imefifia. Umbali huo umejengwa kwa karatasi laini zinazopitisha mwanga: penye karatasi moja pameng'aa, penye tatu pana kiza. Ahmed hawezi kuingia ndani ya mandhari hayo. Anateleza kwa upande, jani linamfunika, anachomoza tena, nasi tunaona kina mahali ambapo pana safu tu.

Mwandishi wa maelekezo ya filamu ya namna hii hukwama hapo. Akiandika, “Ahmed anamgeukia kwa huzuni na kuweka mkono kifuani,” mtengenezaji hana la kufanya. Umbo lililokatwa kwa upande haligeuki polepole. Linaweza tu kupinduliwa ghafla, au kubadilishwa na jingine. Huzuni haina uso wa kukaa. Mkono nao, ukiingia kifuani, unamezwa: weusi juu ya weusi hauonekani, na mtazamaji huona mtu aliyekatika mkono.

Mimi ningeandika hivi: “Ahmed amesimama kwa upande. Shingo inainama kwanza, kisha kiuno. Mkono unapanda mbele ya mwili, kiwiko nje, mpaka vidole viguse kidevu. Jani linapita mbele yake na kumfunika hadi mabegani.” Kila kitenzi kina kiungo chake, na mwanga unabaki kati ya mkono na kifua. Mpangilio nao una uzito: shingo na kiuno vikiinama kwa pamoja, mwili unakuwa mlango kwenye bawaba, na huzuni inatoweka.

Kumsogeza mhusika karibu ni tatizo jingine. Reiniger alikata umbo kubwa zaidi kwa picha za karibu, kwa hiyo “anakaribia” lazima iandikwe kama picha mbili.

Uhuru mkubwa uko kwenye pambano la mchawi wa kike na mwanamazingaombwe, wanaokuwa simba na nyoka, kisha nge na jogoo. Hapo umbo zima linayeyuka na kuwa jingine, na karatasi inafanya kwa wepesi jambo ambalo mwigizaji wa nyama na damu angelishindwa.