Mkono Unaotoa Damu

Kwa mkufunzi wa uuguzi kama mimi, hakuna kipimo kinachofichua mkono wa muuguzi kama potasiamu. Ndiyo maana somo la kutoa damu huwa naanza nacho.

Chukua mgonjwa aliyelazwa kwa kuharisha. Majibu yanarudi: potasiamu 8.2, kalsiamu 1.0, zote kwa milimoli kwa lita. Potasiamu ya namna hiyo huweza kusimamisha moyo, lakini mgonjwa ameketi anakunywa uji na ECG yake haina kasoro. Kalsiamu ndiyo inayotoboa siri. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, ambayo huikamata kalsiamu ili damu isigande, nayo kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu. Mwanafunzi aliona tyubu nyekundu imepungua, akaijazia kutoka kwenye ile ya zambarau. Damu ni ya mtu yuleyule, akadhani hakuna ubaya. Ikitolewa upya, potasiamu inasoma 3.1: kumbe kuharisha kulikuwa kumeishusha, na angepewa dawa ya kuishusha zaidi!

Kwa hiyo tyubu zina zamu zake: chupa za kuotesha vijidudu kwanza, kisha bluu, nyekundu, kijani, zambarau, na kijivu mwisho.

Kosa jingine huonekana kwa macho. Seramu iliyotengwa ikiwa na wekundu, chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake. Labda damu ilisukumwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au tyubu ilitikiswa badala ya kupinduliwa taratibu. Lakini mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi, potasiamu hutoka kwenye misuli na seramu hubaki safi, bila dalili yoyote. Basi mwache atulize mkono, na mpira wa kufungia usikae zaidi ya dakika moja.

Lebo nawafundisha palepale kitandani, baada ya kutoa damu na kabla ya kupiga hatua. Usimuulize, “Wewe ndiye Mama Asha?” Mgonjwa mwenye homa kali ataitikia jina lolote. Muulize, “Mama, unaitwa nani? Jina lako kamili?” kisha linganisha na fomu, pamoja na namba ya faili. Tyubu zilizoandikwa mapema mezani ndizo zinazobadilishana wagonjwa, na kosa hilo mashine haiwezi kulibaini.

Ipo safari pia. Zahanati nyingi hutuma sampuli hospitalini kwa pikipiki, na mtu mwenye nia njema huweka damu nzima kwenye barafu ili isiharibike. Baridi hupooza pampu zinazoirudisha potasiamu ndani ya chembe, hivyo ikifika imepanda. Ikikaa kwenye joto, chembe zinaila glukosi. Dawa ni kuiacha damu ya tyubu nyekundu igande kwa nusu saa hivi, kuizungusha kwenye mashine, kutenga seramu, ndipo iwekwe kwenye kisanduku cha baridi. Zahanati isiyo na mashine hiyo ni afadhali impeleke mgonjwa mwenyewe akatolewe damu huko huko.