Kichwa Kinapoacha Kuuma: Uhakiki wa Hadithi Fupi "Fukizo"

Hadithi ninayoihakiki hapa haijachapishwa popote. Iliandikwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Kebirigo, Nyamira, akaisoma mbele ya chama cha Kiswahili. Ni kurasa nne za daftari. Nimeichagua kwa sababu ilizua ubishi darasani, na kwa sababu mimi mwenyewe niliisoma vibaya mara ya kwanza.

Msuko wake ni sahili. Msimulizi ni Mogaka, kijana anayeishi na nyanya yake katika nyumba iliyo chini ya shamba la chai. Magokoro, kama anavyomwita, huamka akiumwa kisogo. Dawa yake ni moja: huchemsha majani katika sufuria, huitegua, huiweka sakafuni, kisha hujifunika blanketi na kuinamia mvuke mpaka jasho limtiririke. Akitoka mle huwa mchangamfu, humtania mjukuu kwa kumwita "mume wangu". Mogaka amesikia shuleni habari za shinikizo la damu, na anashikilia kuwa kichwa kile ni presha. Wanabishana. Siku ya soko Magokoro anapepesuka njiani, anapelekwa zahanati, anapimwa na kukutwa na 182 kwa 104, anapewa tembe. Mwishoni anazifunga katika ncha ya leso na kusema atazimeza kichwa kikirudi.

Wanafunzi wengi walisema dhamira ni mgongano wa ukale na usasa. Jibu hilo lingepata alama katika mtihani, lakini halitufikishi mbali. Hadithi hii inahusu ushahidi: nani kati ya wawili hawa ana sababu nzuri ya kuamini anachoamini?

Tuanze na Magokoro, kwa kuwa ndiye anayedharauliwa na wasomaji wepesi. Yeye ana ushahidi. Huumwa, hujifukiza, hupona. Ameyaona hayo kwa miaka mingi na kwa mwili wake. Wala si ajabu kupata nafuu: mvuke hufungua pua iliyoziba, na kule kuketi kimya penye joto hulegeza misuli ya shingo. Mwandishi amempa kauli moja nzito sana anapomjibu mjukuu, "Kichwa ni changu." Kwa kuwa hadithi imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza na Mogaka, hatuingii kamwe katika kichwa hicho kinachogombaniwa. Ni kinaya kizuri, ingawa sidhani kama mwandishi alikikusudia.

Kuna sentensi moja tu inayosema kuwa babake Magokoro aliwahi kutibiwa na omobari. Wasomaji wasiotoka Gusii wataipita. Ababari walikuwa wataalamu wa jadi wa Abagusii waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa, hasa baada ya kupigwa au kuanguka. Wazungu waliowaona katika karne iliyopita waliandika habari zao kwa mshangao, kwani wagonjwa wengi walipona. Mtu aliyekulia katika nyumba yenye kumbukumbu hiyo hawezi kuambiwa kwamba watu wake hawajui kichwa. Ningependa mwandishi angetumia mbinu rejeshi hapa na kutupa aya nzima. Badala yake ametupa aya nzima ya mandhari ya machweo, ambayo haina kazi.

Mogaka je? Hapa ndipo nilipokosea. Nilimchukua kama sauti ya ukweli kwa sababu mashine ilimuunga mkono. Lakini hoja yake ni dhaifu kuliko ya nyanya. Watu wengi wenye shinikizo la damu hawaumwi kichwa hata kidogo. Hutembea nalo miaka bila dalili yoyote. Na wengi wanaoumwa kichwa hawana presha. Kichwa huweza kuuma shinikizo linapopanda mno, lakini maumivu peke yake hayathibitishi kitu. Zaidi ya hayo, hadithi yenyewe inatupa mshukiwa mwingine: Magokoro hulala chumba kinachopakana na jiko la kuni, na moshi umetajwa mara tatu. Moshi wa usiku kucha huweza kumwamsha mtu na kichwa kizito. Kwa hiyo Mogaka alipatia bila kujua, na mwandishi hakulitambua hilo.

Tukio la zahanati ndilo lililonisikitisha kifani. Magokoro anafika akihema baada ya kupanda mlima, muuguzi anamfunga mshipi wa kipimo juu ya mkono wa sweta, anasoma, anatoa tembe. Mistari minne. Ukweli wa kazi hiyo ungempa mwandishi taharuki ya bure. Mgonjwa hutakiwa kuketi kimya kama dakika 5, ameegemeza mgongo, miguu ikigusa sakafu, mkono ukiwa wazi na umelazwa usawa wa moyo. Kisha hupimwa, na hupimwa tena. Kwa kawaida kipimo cha siku moja hakitoshi. Hutakiwa kurudi siku nyingine ndipo ikubaliwe kuwa shinikizo limefikia 140 kwa 90 au kuzidi, isipokuwa hali iwe mbaya sana. Hebu tuwafikirie wawili hawa wamekaa kimya dakika 5, mjukuu akiombea namba iwe juu ili ashinde ubishi, kisha akijionea haya kwa ombi lake. Hicho ndicho kilele ambacho hadithi haina.

Kasoro ndogo niitaje upesi. Majani yanayochemshwa ni ya mwarubaini. Mwarubaini ni mti wa pwani na nchi za joto. Huku kwetu kwenye baridi ya chai mtu angechuma mkaratusi nyuma ya nyumba. Wanafunzi huokota mimea vitabuni.

Sasa mwisho, ambao ndio uliogawa darasa. Magokoro anasema atameza tembe kichwa kikirudi. Je, mwandishi anatuonyesha kosa la mhusika, au ni kosa lake mwenyewe? Tembe za presha humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume, kwa kuwa kazi yake si kutuliza maumivu. Anayezimeza kwa kufuata kichwa huziacha siku zote anazojisikia mzima, na siku hizo ndizo nyingi. Nina shangazi aliyefanya hivyo. Kichwa kiliacha, naye akaacha, na leo upande wake wa kulia hauna nguvu. Labda ndiyo sababu sikuweza kuusoma mwisho huu kwa utulivu.

Nilitafuta jibu ndani ya matini. Muuguzi hatoi maelezo yoyote ya namna ya kumeza. Mogaka, ambaye amebisha kurasa tatu, hapingi neno. Anasema tu kwamba alifurahi. Kinaya huhitaji angalau ishara moja kwamba mtu fulani, hata kama ni msomaji peke yake, anajua zaidi ya mhusika. Hapa ishara hiyo haipo, na uamuzi wangu ni kuwa mwandishi aliamini alilolisema Magokoro. Lakini tazama kilichotokea: bila kukusudia, amemwonyesha mjukuu akishinda ubishi huku akiwa amefuata imani ya nyanya. Wote wawili wanaamini kuwa ugonjwa ni kile kichwa. Sufuria na tembe zimekuwa dawa moja.

Nilimrudishia daftari na swali moja tu: Mogaka alifurahia nini? Wiki iliyofuata aliniletea mwisho mwingine. Ni asubuhi, Magokoro hajaumwa kichwa kwa siku tisa, leso imening'inia msumarini, na Mogaka anazihesabu tembe. Hakuna hata moja iliyopungua.