Matriki Moja, Majina Mawili

Kijana mmoja anayesoma Mbeya aliniletea slaidi mbili za mada ya kubadili msingi katika aljebra ya mstari: moja ya mhadhiri wake, nyingine ya mhadhiri wa Iringa, aliyotumiwa na dada yake anayesoma huko. Kila akichanganya, jibu linagoma.

Tuchukue msingi B wenye vekta b1 = (2,1) na b2 = (5,3), na E uwe msingi wa kawaida. Swali lake lilitaka viwianishi vya v = (9,5) katika B. Kwenye slaidi za Iringa aliona Q, "matriki ya mpito kutoka E kwenda B". Akaona ndiyo hiyo, akazidisha v kwa Q, akapata (43,24). Kumbe 2b1 + b2 = (9,5), hivyo jibu ni (2,1).

Slaidi za Mbeya zinaandika vekta wima na kuzidisha kutoka kushoto, za Iringa zinaandika vekta mlalo na kuzidisha kutoka kulia:

```
Mbeya:   v = P x     P = [2 5; 1 3]
Iringa:  v = x Q     Q = [2 1; 5 3]
```

Hapa x ni viwianishi katika B, na nukta mkato inatenga safu mlalo. P inabeba b1 na b2 kama safu wima, Q inazibeba kama safu mlalo. Umbo hilo halikumsumbua sana. Kilichompoteza ni jina. Mbeya wanaiita P "kutoka B kwenda E", kwa kuwa inapokea viwianishi vya B na kutoa vya E. Iringa wanatazama msingi wenyewe: tulikuwa na E, sasa tunahamia B. Wote wako sahihi, na vitabu navyo vimegawanyika hivyo hivyo.

Nikamwambia aache majina, aingize b1, ambayo viwianishi vyake katika B ni (1,0). P inatoa safu wima ya kwanza, Q inatoa safu mlalo ya kwanza, na zote mbili ni (2,1). Basi Q = Pᵀ, na zote zinatoka B kwenda E. Kurudi B kunahitaji kinyume, na matriki A ya mgeuzo wa mstari nayo inakuwa A' katika B:

```
Mbeya:   x = P⁻¹ v    A' = P⁻¹ A P
Iringa:  x = v Q⁻¹    A' = Q A Q⁻¹
```

Katika mstari wa Iringa, A yenyewe imeshapinduliwa: A ya Iringa ni Aᵀ ya Mbeya. Ukihamisha Q na kuiacha A ilivyo, umeharibu.

Jaribio hili lina udhaifu. Kama angechagua b1 = (2,1) na b2 = (1,1), P na Q zingelingana, na kosa la kupindua lisingeonekana. NumPy nayo haisaidii: safu ya namba ya mwelekeo mmoja inakubali `P @ x` na `x @ P` bila kulalamika. Mimi hupenda kuunda upya v kutoka kwa jibu, yaani 43b1 + 24b2. Hapo inatoka (206,115), si (9,5).